Mtoto akiumia kwenye mechi ya ugenini: mpango wetu wa dharura wa ukurasa mmoja

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kiungo wetu wa miaka 12, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi, simu yangu ikaita. Alikuwa mama yake. Alishajua. Mchezaji mmoja wa akiba alikuwa amepiga picha akairusha kwenye kundi la wasapu la darasa lao, na picha ile ilimfikia mama kabla sijamaliza kuufunga mkono wa mwanawe. Aliniuliza swali moja tu: "Kocha, mnampeleka wapi?"

Sikuwa na jibu. Dereva alikuwa ameondoka na basi kwenda kutafuta chakula. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya meneja wa timu, na meneja hakusafiri siku hiyo. Hospitali ya karibu niliitafuta kwa kuuliza watazamaji, na wa kwanza akanielekeza kwenye zahanati ambayo tulipofika tuliikuta imefungwa kwa kuwa ilikuwa Jumamosi mchana. Mtoto yule alikaa na maumivu kwa saa mbili na nusu kabla ya kupigwa eksirei, na baadaye nikagundua kwamba hospitali yenye eksirei ilikuwa mwendo wa dakika 15 tu kutoka uwanjani. Mfupa uliunga vizuri. Lakini muda ule wote alioteseka ulitokana na mimi kutojiandaa, na sijausahau.

Tangu hapo hatutoki kwenda ugenini bila mpango wa dharura wa ukurasa mmoja. Nimeuandika na kuufuta mara nyingi, na hapa ninaeleza ulivyo sasa, pamoja na siku moja tulipolazimika kuutumia kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kwa nini wa nyumbani hautoshi

Kwenye uwanja wako mambo mengi unayajua bila kuyaandika: geti kubwa hufunguliwa na nani, mtandao unashika upande gani, hospitali ipi inapokea watoto wikiendi. Ukienda ugenini maarifa hayo yote unayaacha nyuma. Kwa hiyo nusu ya mpango wetu haibadiliki, yaani watu na kazi zao, na nusu nyingine inaandikwa upya kwa kila mechi.

Nusu hiyo ya pili huifanya meneja wa timu siku tatu kabla, kwa simu mbili. Ya kwanza ni kwa mwenzake wa timu mwenyeji. Anamuuliza uwanja unaelezwaje kwa mtu asiyeujua, gari la wagonjwa linaingilia wapi, ufunguo wa geti hilo anao nani, wao wana mtoa huduma ya kwanza au hawana, na kama pale uwanjani kuna mashine ya kushtua moyo, iko wapi na kabati lake hufungwa au halifungwi. Simu ya pili ni kwa hospitali yenyewe. Nasisitiza hospitali yenyewe, kwa sababu wenyeji hukutajia jengo lililo karibu bila kujua kama siku ya mechi linafanya kazi. Tunauliza mambo matatu: siku hiyo na saa hizo mko wazi kwa dharura, mnapokea watoto, eksirei inafanya kazi? Ikitokea jibu moja ni hapana, tunatafuta hospitali nyingine na kuandika zote mbili: ya majeraha madogo na ya majeraha makubwa.

Hilo la mashine ya kushtua moyo huwashangaza wenyeji wengi tukiwauliza. Ni kwa ajili ya tukio ambalo ni nadra lakini halina muda wa kujadiliana: mchezaji anaanguka bila kuguswa na mtu, haitiki ukimwita, na hapumui kawaida. Hapo ni kukandamiza kifua mara moja, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mmoja akipiga simu ya dharura na mwingine akikimbilia mashine. Kila dakika inayopita bila kufanya hivyo inapunguza nafasi ya kumwokoa. Mtu aliyeambiwa akimbie hawezi kuanza kuuliza mashine iko wapi.

Watu wanne, kazi nne

Tunasafiri na watu wazima wanne: mimi, kocha msaidizi, meneja wa timu na mtoa huduma ya kwanza. Dereva simhesabu, kwa sababu akitakiwa kuendesha hawezi kuwa mlezi wa mtu.

Mtoa huduma ya kwanza kazi yake ni majeruhi peke yake. Hapigi simu, hazungumzi na mzazi, hamtulizi refa. Meneja wa timu ndiye msemaji wa simu zote: ya gari la wagonjwa, ya mzazi, ya hospitali. Kocha msaidizi ndiye anayesafiri na majeruhi ikibidi. Mimi nabaki na watoto wengine wote, na hii ndiyo kazi ambayo kila mtu huidharau mpaka siku atakapoona watoto 15 wameachwa peke yao uwanja wa watu, nusu wanalia na nusu wamewazunguka wanaotoa huduma.

Zamani mtoa huduma ya kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa na cheti na nilijua kazi. Tatizo ni kwamba kocha anaangalia mpira, na akili yake inataka mchezaji aendelee kucheza hata kama yeye mwenyewe hajitambui kwamba anataka hivyo. Sasa hivi kazi hiyo anaifanya mama wa mmoja wa wachezaji wetu, aliyesoma kozi na anayeirudia kila cheti chake kinapokaribia kuisha. Kwenye mpango tumeandika sentensi moja ambayo sikuipenda mwanzoni: mtoa huduma akisema mchezaji anatoka, anatoka, kocha hana kura. Tumeandika pia kwamba siku akiumia mwanawe mwenyewe, kazi inahamia kwa kocha msaidizi, ambaye naye amesoma, na meneja anampigia mzazi mwingine wa mtoto huyo. Siku hiyo yeye ni mama, na ana haki ya kuwa mama.

Hesabu ya watu wazima ifanyeni mapema. Majeruhi mmoja anaondoka na mtu mzima mmoja, na sisi tumejiwekea kwamba wanaobaki wasipungue wawili. Kwa hiyo watatu ndio kiwango cha chini kabisa cha kusafiri, na hapo hakuna wa ziada. Tukiwa wawili hatuendi mpaka apatikane mzazi wa kutusindikiza.

Kuna swali moja zaidi ambalo ni vizuri kulimaliza na refa na wenyeji kabla ya filimbi ya kwanza: mtoa huduma wetu akiwa bize na majeruhi, mechi inaendelea na nani? Kama wenyeji wana wao, tunakubaliana kwamba atasimamia timu zote mbili. Kama hawana, mechi inasimama. Ukilisema hilo mapema, mkiwa mnasalimiana, kila mtu anakubali. Ukilisema dakika ya 60 huku wenyeji wanaongoza, litageuka ugomvi.

Karatasi inayokaa mfukoni

Simu huisha chaji, huvunjika, hufungwa kwa nywila ambayo mwenyewe ameondoka nayo. Kwa hiyo namba zetu ziko kwenye karatasi, nakala mbili, kila moja ndani ya bahasha ya plastiki. Moja anayo meneja, nyingine iko kwenye mkoba wa huduma ya kwanza. Upande wa mbele unasomeka namna hii, isipokuwa mstari wa ufunguo, ambao tuliubadilisha baadaye kama nitakavyoeleza mwishoni:

*MAHALI: maelezo ya uwanja kama ya kumwelekeza mgeni, geti la gari la wagonjwa, pini ya ramani kwa tarakimu.*
*UFUNGUO WA GETI: jina na simu.*
*NAMBA YA DHARURA ya eneo hilo.*
*HOSPITALI: jina, simu ya mapokezi ya dharura, dakika za mwendo.*
*DEREVA: simu. GARI LA AKIBA: jina la mwenye gari upande wa wenyeji, simu.*
*NANI ANAFANYA NINI: mistari minne, majina manne.*

Upande wa nyuma kuna orodha ya watoto waliosafiri. Kila mtoto ana namba mbili za watu wawili tofauti. Namba mbili za mama mmoja hazisaidii kitu, maana akiwa msibani au kanisani zote mbili hazipokelewi. Pembeni tunaandika mzio wowote, pumu na mahali ilipo inhela yake, kifafa, kisukari, tatizo la moyo, na dawa anazotumia. Kundi la damu tuliacha kuliandika. Wazazi hulipenda, lakini hospitali itampima mtoto yenyewe kabla ya kumwongezea damu, na ile nafasi inafaa zaidi kwa mzio. Kila mzazi pia amesaini fomu fupi ya kuruhusu mtoto apewe matibabu ya dharura kama yeye hapatikani. Fomu hizo huwa kwenye bahasha ya meneja, ili anayekwenda hospitali aondoke na ya mtoto husika.

Siku mbili kabla ya safari meneja anatuma ujumbe kwa namba zote: "Tunahakiki namba ya dharura ya mtoto wako kwa safari ya Jumamosi. Tafadhali jibu NDIYO." Ambao hawakujibu anawapigia. Mara ya kwanza tulipofanya hivi, namba tatu hazikuwa zinapatikana tena na moja ilikuwa ya mtu asiyetujua kabisa. Tungezitegemea hizo.

Tukirudi, karatasi za orodha zinachanwa. Ni taarifa za afya za watoto wa watu, hazipaswi kubaki chini ya kiti cha basi.

Gari

Basi la timu si gari la majeruhi. Likiondoka na mtoto mmoja, wengine wote wamebaki bila usafiri, bila kivuli, na mara nyingi bila mabegi yao. Ndiyo maana tunamwomba mwenyeji mapema mtu mmoja mwenye gari dogo, anayejua njia ya hospitali, ambaye hatatoka uwanjani mpaka mechi iishe. Karibu kila timu inaye mtu wa namna hiyo na hufurahi kuombwa.

Basi nalo lina masharti yake: liegeshwe likitazama njia ya kutokea, nyuma ya magari mengine lisiwekwe, mafuta yawemo, na dereva awe mahali anapoweza kusikia akiitwa. Chakula cha dereva tunamletea sisi. Kwa kweli tangu tuanze kumletea chakula hatujawahi kumtafuta tena.

Swali gumu ni lini utumie gari dogo na lini usubiri gari la wagonjwa. Sisi tumelikata hivi. Kifundo kilichoteguka, kidole au kifundo cha mkono kilichovunjika ambacho kimeshafungwa kikatulia, au kidonda kinachohitaji kushonwa na damu imeshadhibitiwa, huenda na gari dogo, mtu mzima asiye dereva akiwa amekaa na mtoto kiti cha nyuma. Lakini aliyepoteza fahamu hata kwa sekunde chache, anayelalamika shingo au mgongo, anayesikia ganzi mikononi au miguuni, anayepumua kwa shida, aliyepata degedege, aliyevunjika paja, au aliyegongwa kichwa akaanza kuzidiwa, huyo hatumwinui. Tunapiga namba ya dharura na tunamwacha hapo hapo, mechi imesimama, hata kama refa anaangalia saa. Ukiambiwa kwamba gari litachelewa sana, uamuzi wa kumhamisha ufanye pamoja na huyo aliyeko kwenye simu, usiufanye na umati uliokuzunguka.

Jumamosi tuliyoutumia

Mechi ilianza saa 4:00 asubuhi. Meneja alikuwa ameshauzunguka uwanja, amejaribu mtandao na kukuta unashika upande wa benchi lakini haushiki kabisa nyuma ya goli la mbali. Alilisema hilo kwa watu wazima wote, na kumbe lingetufaa.

Saa 4:52, kipindi cha pili, kona. Beki wetu wa miaka 13 aliruka pamoja na mshambuliaji wao na vichwa vikagongana. Mwenzake aliinuka. Wetu alianguka, akakaa, akajishika kichwa, kisha akaanza kujiinua mwenyewe. "Niko sawa, kocha," alinipigia kelele kutoka mbali. Tulikuwa tumefungwa 2–1 na yeye ndiye nguzo ya nyuma. Nakiri nilitaka kumwamini.

Mtoa huduma alimfikia na kumwambia atulie kwanza. Alimuuliza kuhusu shingo kabla ya kitu chochote: inauma? Unasikia ganzi popote? Chezesha vidole, chezesha miguu. Kote sawa. Kisha akamuuliza maswali ambayo si ya jina lako nani, kwa sababu mtoto aliyetikisika ubongo anaweza kukutajia jina lake vizuri kabisa na bado hayuko sawa. Alimuuliza: tuko kwenye uwanja wa nani leo? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Goli la mwisho kafunga nani? Mtoto alijua uwanja. Akasema ni kipindi cha kwanza. Goli la mwisho akasema hakumbuki, wakati lilifungwa upande wake dakika sita nyuma. Mama yule akanyanyua mkono kuonyesha anatolewa, nami sikuwa na kura.

Ningependa makocha wenzangu walishike hili: anayeshukiwa kutikisika ubongo harudi uwanjani siku hiyo, hata akijisikia vizuri baada ya dakika kumi. Na haachwi peke yake. Alikaa kwenye benchi na mtoa huduma ubavuni, bila kupewa dawa yoyote ya maumivu, na kila baada ya dakika tano aliulizwa maswali yale yale.

Saa 4:58 meneja alimpigia mama yake. Simu ya kwanza haikupokelewa. Hakurudia mara tano, alikwenda moja kwa moja kwenye namba ya pili, ya baba, naye akapokea. Maneno yake yako kwenye karatasi kwa sababu mtu akiwa na hofu huanza kuzunguka:

"Habari, baba. Mimi ni meneja wa timu, niko uwanjani. Mwanao yuko macho na anaongea. Amegongana kichwa na mchezaji mwenzake dakika sita zilizopita. Tumemtoa mchezoni, mtoa huduma ya kwanza amekaa naye. Kuna vitu alishindwa kukumbuka, kwa hiyo hatarudi kucheza na atahitaji kuonwa na daktari leo. Hospitali tuliyoipanga ni hii. Je, kuna dawa yoyote anayotumia au tatizo lolote la kichwa alilowahi kupata?"

Baba alisema aliwahi kugonga kichwa miezi miwili kabla, akicheza nyumbani. Hatukuwa tunalijua hilo, na ni jambo ambalo daktari anataka kuambiwa. Meneja akamalizia: "Nitakupigia tena saa 5:15, hata kama hakuna jipya. Namba yangu ni hii, uiweke."

Angalia hakumwambia "usiwe na wasiwasi", wala "ni kidogo tu". Hujui kama ni kidogo. Mzazi akishaambiwa ni kidogo, kisha akasikia gari la wagonjwa, hatakuamini tena katika lolote utakalomwambia baadaye. Pia hakutaja ugonjwa, alieleza alichokiona. Na ile saa ya kupigiwa tena ina nguvu kuliko maneno yote ya kufariji, kwa sababu mzazi asiye na saa hiyo atapiga kila dakika na kuishughulisha simu mnayoihitaji.

Saa 5:07 mtoto alisema kichwa kinazidi kumuuma, kisha akatapika. Hiyo ilibadilisha mpango papo hapo. Kichwa kinachozidi kuuma na kutapika baada ya kugongwa ni dalili za hatari, kama zilivyo kuona vitu viwili viwili, kusinzia kusiko kwa kawaida, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, degedege au udhaifu wa mkono au mguu. Mtoa huduma alisema neno moja, "dharura", na meneja akaanza kupiga simu akiwa amesimama pale benchi, ambako alijua mtandao upo.

Alianza na mahali. Simu ikikatika baada ya sentensi moja, angalau wajue waje wapi. Akasoma maelezo ya uwanja na geti kutoka kwenye karatasi, akatoa namba yake, kisha akasema: mvulana wa miaka 13, amegongwa kichwa dakika 15 zilizopita, yuko macho, anapumua vizuri, anatapika na kichwa kinazidi kuuma. Akaweka spika na kusogea karibu na mtoto, ili maswali ya upande wa pili yajibiwe na mtoa huduma. Hakukata mpaka alipoambiwa akate.

Refa alisimamisha mechi. Mimi niliwakusanya watoto upande wa pili wa uwanja, migongo yao kwa benchi, nikawaeleza ukweli kwa sentensi mbili: mwenzenu amegongwa kichwa, anahitaji daktari, gari linakuja. Halafu nikawaomba wasitume chochote kwa mtu yeyote mpaka nitakapowaambia kwamba wazazi wake wamejua. Zamani nilikuwa nakusanya simu zote. Niliacha, kwa sababu mtoto aliyenyang'anywa simu ataazima ya mtazamaji. Ukimweleza mtoto wa miaka 13 kwamba mama wa rafiki yake hapaswi kuyaona haya kwenye picha, anaelewa.

Saa 5:10, bila kusubiri ile saa waliyoahidiana, meneja alimpigia baba tena: ametapika, tumeita gari la wagonjwa, kocha msaidizi anakwenda naye, namba yake hii hapa, mje moja kwa moja hospitalini msije uwanjani. Hilo la mwisho lisisahaulike. Nimewahi kuona mzazi wa timu nyingine akiingia uwanjani mbio nusu saa baada ya mwanawe kuondoka.

Gari lilifika saa 5:26. Mtoa huduma aliwapa wahudumu karatasi aliyoiandika akiwa pale: saa ya kugongana, majibu ya maswali kila alipouliza, saa ya kutapika, na lile tukio la miezi miwili nyuma. Saa 5:33 waliondoka, kocha msaidizi ndani, fomu ya ruhusa mkononi. Tulibaki watu wazima watatu na watoto 15.

Ndipo wazazi wengine walipojulishwa, wote kwa ujumbe mmoja kutoka kwa meneja: "Mchezaji mmoja ameumia na amepelekwa hospitali. Familia yake imeshazungumza nasi. Watoto wengine wote wako salama, wako na kocha. Mechi imesimamishwa, tutafika kama saa moja nyuma ya ratiba. Tutatuma ujumbe basi likiondoka." Hakuna jina wala jeraha. Jina litajulikana, ndiyo, lakini kusema anachougua mtoto ni haki ya wazazi wake. Bila ile sentensi ya pili ungepata simu za familia 15, kila moja ikiuliza kama ni wa kwake.

Daktari alimweka mtoto chini ya uangalizi mpaka jioni, kisha akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa na maelekezo ya nini kikitokea arudishwe haraka. Alirudi darasani kwanza, mpira baadaye, kidogo kidogo, na mazoezi ya kugusana hakuyaanza mpaka daktari alipoandika kwamba anaweza.

Jumatatu tulikaa wanne na ile karatasi, tukapitia dakika moja moja. Tulikuta tumepoteza dakika nne. Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama nje ya geti, na mwenye ufunguo, ambaye jina lake na simu yake tulikuwa navyo, alikuwa amekwenda kutazama mechi nyuma ya goli la mbali, kule kusikoshika mtandao. Sasa hatuandiki tena mwenye ufunguo ni nani. Tunaomba ufunguo wenyewe, unakaa mfukoni kwa meneja kuanzia tunaposhuka kwenye basi, na tunaurudisha tunapoondoka.